Nyota Moja kwa Courant Haiko

Uligeuza uso, wewe unayesoma. Usianze kujitetea. Wakati ule ampli imefungiwa stoo ulipita palepale nje ya mlango, gazeti mkononi, ukimuuliza mwenzako kwa nini fulani amewekwa wa saba na si wa tatu. Ulikuwa na hasira, hilo sikunyimi. Ila hasira yako yote ulimwagia namba saba, na Cibalonza hukumbakizia hata tone.

Basi keti nikukumbushe. Mimi sisahau, na wewe umekwisha kuanza.

Mji wetu wa Bukavu uliporwa mwaka wa 1996, ukaporwa tena 1998. Wenye bunduki walibeba magari, kisha redio na friji, mwisho vyombo vya muziki. Ngoma za parokia zilivuka mpaka mchana kweupe. Kati ya mali yote ya muziki ya mji huu ilibaki ampli moja kubwa, lile sanduku linaloifanya gitaa ya umeme isikike hadi ng’ambo ya bonde, nayo haikubaki kwa bahati. Muzee Zagabe, fundi mwashi wa mtaa wa Kadutu, aliitoa kwenye kituo cha utamaduni usiku mmoja kabla ya wezi kufika, akaibeba pamoja na wanawe wawili, binti Cibalonza na kijana Willy, kwa miguu hadi kijiji cha Mumosho. Wakaifukia chini ya maharagwe ya shangazi yao. Mambo yalipotulia kidogo wakairudisha kituoni wenyewe, juu ya vichwa vyao, wala hawakuomba asante.

Mkurugenzi wa kituo, Papa Télesphore, aliwashukuru kwa hotuba. Kisha akatunga kanuni. Ampli ni moja, vikundi ni vingi, alisema, hatuwezi kugawa kwa undugu kama wanasiasa. Itatumiwa na kikundi “kilichotambuliwa na vyombo vya habari.” Chombo cha habari za muziki mjini kilikuwa kimoja tu: Desibeli, gazeti la kurasa kumi na mbili lililochapwa kwa stensili. Ukipata nyota nne za Desibeli au zaidi, ampli na ukumbi ni vyako kwa mazoezi na maonyesho. Chini ya hapo, kapige mdomo.

Sote tuliona ni haki. Nakwambia, hata mimi niliona ni haki, kwa sababu nyota zina sura ya hesabu.

Sasa sikia Desibeli ilivyofanya kazi. Iliandikwa na Marcellin, msaidizi wa wahadhiri katika chuo kimoja cha hapa. Mzungu mmoja aliyefundisha naye alikimbia vita akamwachia makatoni matatu ya magazeti ya Kifaransa ya muziki wa roki. Marcellin aliyasoma yote kuanzia tangazo la kwanza mpaka la mwisho. Rekodi zenyewe Mzungu alikuwa ameondoka nazo. Kwa hiyo Marcellin aliijua roki kama padri anavyoijua ndoa.

Lakini kazi ya mwandishi wa roki aliijua sawasawa, na usidanganyike, hiyo ni kazi yenye kanuni zake. Kanuni ya kwanza: mvumbue mtu. Msanii asiyejulikana hana adui, kwa hiyo msifie mpaka mbinguni. Akipanda, watu watasema wewe ndiye uliyemwona kwanza, na sifa zake nusu zinakuwa zako. Kanuni ya pili: anapotoa kazi ya pili, mvunje. Ukimsifu tena wewe ni shabiki tu, na shabiki ni mtu yeyote. Ukimvunja unaonyesha kwamba hudanganyiki. Kumjenga kumekulipa, kumvunja kunakulipa tena, na yeye katikati hajalipwa chochote. Kanuni ya tatu: sema anafanana na nani. Usieleze sauti, ni kazi ngumu. Taja majina mawili makubwa ya Ulaya, sema huyu ni mtoto wao. Msomaji ambaye hajawasikia hao wawili ataona aibu kuuliza. Na kanuni ya nne, ile ya hatari zaidi: usiyemtaka usimwandike kabisa. Mwenye nyota moja anaweza kukasirika, na hasira ni uhai. Aliyenyamaziwa anakufa bila matanga.

Cibalonza alikuwa na kikundi cha watatu: yeye kwenye gitaa, Willy kwenye ngoma, na Floribert, mkatekista, kwenye gitaa ya besi. Walijiita Courant Haiko, yaani umeme haupo, maana umeme wa Kadutu unakuja kama mgeni na kuondoka kama mwizi, na wao walizoea kuanza wimbo kwenye taa na kuumaliza gizani. Wengine wetu tulichoshwa na rumba iliyotoka Kinshasa, tena Kinshasa yenyewe ilikuwa upande mwingine wa vita. Gitaa ya Cibalonza ilikuwa yetu. Ilisikika kama bati za Kadutu zikipigwa na mvua ya mawe, halafu ghafla inanyamaza, nawe unasikia moyo wako.

Kaseti yao ya kwanza ilipata nyota tano. Marcellin aliandika ukurasa mzima, “Moto Umewaka Kadutu,” akasema ndiye aliyeusikia moshi wake kwanza. Wakapewa ampli. Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama kwenye matofali nje ya dirisha. Akina mama wauza unga wa fufu waliacha mizigo sokoni kwa majirani waje kutazama binti wa Zagabe.

Mwaka uliofuata wakatoa kaseti ya pili. Waliirekodi kwenye ukumbi uleule, jenereta ikinguruma nyuma ya ukuta. Juma ambalo Cibalonza aliipeleka nyumbani kwa Marcellin, mji mzima haukuwa na umeme, na beteri za redio zilikuwa zimepanda bei mpaka watu wanazichemsha. Mke wake Marcellin, Maman Valérie, amewaambia watu wengi, bila kuona kwamba anasema jambo kubwa, kwamba kaseti ile ilikaa juu ya kabati imefungwa na mpira wake mpaka gazeti likatoka.

Lakini gazeti lilitoka. Nyota moja. Marcellin alisema kaseti ya pili “imepoteza ujana wa ile ya kwanza,” maneno ambayo unaweza kuyaandika juu ya kaseti ya pili ya mtu yeyote duniani bila kuigusa. Akasema gitaa ni sufuria zinazoanguka ngazini. Akasema mafanikio yamempanda Cibalonza kichwani. Mafanikio gani, hakusema. Binti alikuwa na jozi moja ya viatu.

Jumatatu Papa Télesphore akaifunga ampli stoo na kutia ufunguo mfukoni. Hakuwa na ubaya wowote, alisema, hata alikuwa hajasoma makala yote, ameona nyota tu. Cibalonza alimfuata ofisini kumwomba. Najua walichosema kwa sababu Floribert alisimama mlangoni.

“Papa Directeur, hii ampli tuliibeba na kichwa mpaka Mumosho.”

“Na tulishukuru, mutoto yangu. Discours ilikuwa ya page mbili.”

“Sasa juu ya nini munatunyima?”

“Haiko siye tunanyima. Ni presse, ni gazeti.”

Ona jinsi inavyokwenda. Mwandishi anasema mimi nimetoa maoni tu, sina ufunguo. Mwenye ufunguo anasema mimi nafuata maoni tu, sina sikio. Kati yao mtu anakatwa mikono, na hakuna aliyeshika panga.

Na jina likivunjwa halivunjiki kwa Desibeli peke yake. Harusi mbili zilizokuwa zimewaita Courant Haiko zikawaacha. Watu waliosimama juu ya matofali dirishani walianza kusema kwamba hata ile kaseti ya kwanza, ukiisikiliza vizuri, ilikuwa na makelele. Ukiisikiliza vizuri. Wewe pia ulisema hivyo, pale kwa kinyozi. Nilikuwa kwenye kiti cha pili.

Mwisho wa mwaka wa 2000 ukafika, na Marcellin akafanya lile alilolisubiri tangu afungue katoni la kwanza. Magazeti yote makubwa ya roki hutoa orodha ya albamu bora. Orodha ni rahisi kuliko makala, inauza kuliko makala, na kazi ya kuisambaza inafanywa na wasomaji wenyewe kwa kugombana. Desibeli ingetangaza Albamu Hamsini Bora za Roki za Karne.

Alichagua wapigakura kumi na wawili, akawaita jopo. Wahadhiri, mabwana wa mashirika ya misaada, abbé mmoja, yaani padri, na mwanamke mmoja, Maman Olive, aliyesoma Nairobi na sasa alifanya kazi ofisi ya shirika moja la wakimbizi. Kutoka Kadutu hakuna. Chini ya miaka thelathini hakuna. Kila mmoja aandike albamu kumi kwa mpangilio. Ya kwanza inapata alama kumi, ya pili tisa, mpaka ya kumi inayopata moja. Jumlisha, panga, chapa.

Inaonekana safi. Sasa ingia jikoni. Mtu akipenda albamu moja mpaka analia, anaipa kumi, basi. Lakini ile ambayo watu wanane wanaiona si mbaya, wakaiweka kila mmoja nafasi ya nne au ya tano, inapata alama hamsini. Hivyo orodha haipimi mapenzi, inapima kukubaliana. Juu kabisa hukaa ile isiyomuudhi mtu. Halafu wapigakura wenyewe hawapigi kwa masikio. Wanapiga kwa kukumbuka orodha nyingine, za yale makatoni ya Kifaransa, kwa hofu ya kuonekana washamba. Na orodha zile nazo zilipigwa na watu waliokumbuka orodha nyingine. Mmoja wao aliweka namba moja albamu ambayo hakuna mwingine aliyewahi kuisikia, ili aulizwe. Abbé aliyeogopa kipenzi cha mhadhiri fulani kisije kikashinda alikiacha nje kabisa, huku nyumbani anakisikiliza kila jioni. Na “bora” maana yake nini, hakuna aliyewaambia. Iliyopigwa vizuri kuliko zote? Iliyobadilisha wengine? Ile uliyoisikia siku ulipopata mchumba? Kila mmoja alijibu swali lake, kisha majibu yakajumlishwa kana kwamba swali ni moja.

Ndiyo maana ugomvi wake hauishi, ndugu yangu. Huwezi kushinda kesi isiyo na sheria, lakini pia huwezi kushindwa. Ni kesi tamu.

Na Marcellin aliiongezea pilipili. Alikiri mwenyewe, akicheka, kwamba namba saba aliipandisha kwa mkono kutoka ishirini na kitu. Kila orodha, alisema, lazima iwe na jiwe moja ndani ya mchele, la sivyo watu watakula kimya kimya.

Basi hamkula kimya. Orodha ilitoka Januari. Wiki ileile Rais aliuawa Kinshasa kwa risasi, na nilisimama mbele ya redio ya muuza duka nikingoja habari, nikashindwa kusikia kwa sababu ya mabishano juu ya namba saba. Watu waliokimbia mapigano ya Bunyakiri walikuwa wamelala kwenye madarasa ya shule, na mbele ya shule hiyohiyo mashemeji wawili walikunjana mashati juu ya namba kumi na nne. Mtu ambaye hakuwahi kuandika mstari mmoja kupinga lolote alimwandikia Marcellin barua ya kurasa sita kwa sababu ya albamu iliyosahauliwa. Kusahauliwa kuliwauma kuliko kuwekwa chini. Nikatambua kwamba mji huu una hasira nyingi kuliko nilivyodhani, na kwamba mtu amepata njia ya kuimwaga mahali ambapo haiwezi kumlowesha mkubwa yeyote.

Namba moja ilikuwa albamu ya Waingereza wa kundi liitwalo Grey Harbour. Sisi tuliiita Albamu ya Ngazi, kwa picha ya ngazi nyeupe kwenye jalada. Kila mtu hapa alikuwa nayo, na kila mtu aliinunua kwa Papa Bisimwa, mwenye kibanda cha kunakili kaseti pembeni ya soko la Kadutu.

Marcellin aliiandikia kurasa tatu. Nyimbo nane za mwanzo alizipitia haraka. Kilichompa wazimu ni vipande viwili vya mwisho upande wa B, visivyo na maneno, gitaa tupu na sauti moja ikipiga ukelele. “Hapa,” aliandika, “gitaa inakuwa mvua ya mawe juu ya mabati ya viwanda vya kaskazini. Chini yake mngurumo wa mashine, hapana shaka ya kiwanda cha pamba. Ni mtoto wa mfanyakazi wa Kiingereza tu anayeweza kupiga hivi. Mkono huu haufundishwi, unarithiwa.” Katika kura, watu tisa kati ya kumi na wawili walikuwa wametaja vipande hivyo viwili kama sababu yao.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye jambo.

Kaseti ya Papa Bisimwa ni ya dakika sitini. Albamu ya Ngazi haifiki hamsini. Na wewe unajua sisi watu wa Kadutu: ukituuzia kaseti yenye kipande kitupu mwishoni tunarudi na ugomvi, kwamba tumelipa bande nzima, utepe wote, na umetupa nusu. Kwa hiyo kila mnakili hapa hujaza bande. Wimbo ukiisha na nafasi ikabaki, anatia chochote kilicho karibu, mara nyimbo za kwaya, mara mahubiri, mara mpira. Tumezoea hivyo tangu utoto, hata hatusikii tena mahali albamu inapoishia na ujazo unapoanzia. Na kilichokuwa karibu na Papa Bisimwa mwaka ule ni kaseti ya pili ya Courant Haiko, ambayo Cibalonza, binti wa jirani yake, alimpelekea auze, na hakuna aliyeinunua.

Wa kwanza kuona si mtu wa Kadutu. Ni Maman Olive wa jopo. Alikuwa na Albamu ya Ngazi kwenye diski halisi aliyoinunua Nairobi, na diski ile iliishia wimbo wa nane. Alimwandikia Marcellin kwa heshima kumuuliza hivyo vipande viwili alivisikia wapi. Mtu mwingine angetafuta jibu. Marcellin alitangaza mdahalo wa hadhara kituoni, siku ya Jumapili baada ya misa ya pili.

Ukumbi ulijaa. Wewe ulikuwa karibu na nguzo, usikatae. Maman Olive alicheza diski yake kwenye redio ndogo, ikaisha kwenye wimbo wa nane. Marcellin akasimama, akasafisha miwani, akaeleza kwamba jambo hili linajulikana sana kwa wataalamu: makampuni ya Ulaya hukata albamu kwa soko la Afrika Mashariki, na kaseti yetu, kwa baraka ya umaskini wetu, imehifadhi toleo kamili. Watu wakapiga makofi. Tulijisikia vizuri, tusiseme uongo. Kwa dakika chache tulikuwa na kitu ambacho Nairobi hawana.

Ndipo Cibalonza aliposimama. Alikuwa amekuja na gitaa yake begani, imefungwa kwenye kitenge. Hakupaza sauti.

“Ile ni mikono yangu,” alisema. “Ule mungurumo munasemaka ni wa factory, ni jenereta ya hapa. Iko nyuma ya hii mur.” Aligonga ukuta.

Watu wakacheka. Mmoja akauliza tangu lini jenereta ya Kadutu inazalisha pamba.

“Basi mufungue stock,” alisema Cibalonza. “Mutoe ampli, nipige. Mutasikia na masikio yenu, siyo na gazeti.”

Uso wa Papa Télesphore ulikuwa na huzuni ya kweli. Alisema angependa sana, lakini kanuni ni kanuni: kikundi cha nyota moja hakipewi ampli. Kama ikithibitika kwamba ndiye aliyepiga vipande vile, Desibeli itazibadilisha nyota, naye atafungua mlango siku hiyohiyo.

“Nitathibitisha na nini, Papa, bila ampli?”

“Ah,” alisema Papa Télesphore, “hiyo sasa ni swali ya nguvu kabisa.”

Wakamwita Papa Bisimwa. Nilimwona akitafuta mlango kwa macho. Tangu orodha itoke alikuwa akiuza Albamu ya Ngazi kuliko mandazi, na alijua mteja wake: Mwingereza ananunuliwa, binti wa Zagabe ananakiliwa bure. Aliulizwa alijazia nini bande zile.

“Miye najazaka bande, bapapa,” alisema. “Sijazaka na kumbukumbu.”

Akakaa. Willy alitaka kumrukia, Floribert akamshika mkanda.

Basi Cibalonza akakifungua kitenge, akaipiga gitaa vivyo hivyo, kavu. Gitaa ya umeme bila ampli ni kama mtu anayefoka nyuma ya kioo: unaona mdomo, husikii tusi. Mimi nilikuwa safu ya mbele. Nilisikia kila kitu. Mvua ilikuwa ileile, na kile kimya kilikuja palepale. Muzee Zagabe, kwenye benchi la pembeni, alikuwa amefumba macho na kuhesabu mapigo kwa kidole gotini. Abbé wa jopo alikuwa jirani yangu, aliinama, akashika kichwa, akasema polepole, “Ni yenyewe.” Lakini safu ya nne hawakusikia. Wa nyuma kabisa waliona binti anakuna nyuzi.

Na hapo ndipo mlipoanza. Wa mbele wakasema ni yenyewe. Wa nyuma wakasema si yenyewe. Wa katikati wakasema inafanana, labda Waingereza waliiga Kadutu, labda Kadutu imeiga. Mtu akapendekeza kura. Mwingine akauliza kura ya alama au ya mikono. Hakuna aliyesema neno moja tu rahisi: mfungue mlango, tusikie. Cibalonza alimaliza kupiga na hakuna aliyeona kwamba amemaliza.

Toleo lililofuata la Desibeli liliuzwa likaisha kabla ya jua la saa sita. Kurasa tano za kuunga mkono, kurasa tano za kupinga. Marcellin hakusema alikosea. Mwandishi wa roki hakosei, huwa “anarudi tena kwenye kazi.” Aliandika kwamba kama vipande vile ni vya Cibalonza, basi vinathibitisha alichosema yeye wa kwanza kabisa juu ya moto wa Kadutu, na kama si vyake, vinathibitisha alichosema juu ya sufuria. Akaahidi uchunguzi mrefu, na orodha ya wapigaji gitaa kumi wanaoweza kuwa wamepiga. Cibalonza aliwekwa wa sita. Watu wakaanza kugombana kwa nini si wa tano.

Nilimfuata barazani kwao jioni ya siku hiyo. Nilitaka kumfariji, nikaanza kusema kwamba angalau sasa ameingia kwenye orodha.

“Tonton,” alisema, jinsi wanavyotuita wajomba, “miye siombi kuwa wa kwanza. Naomba kusikika.”

Niliaga, nikashuka nyumbani.

Jibu ninalo leo, ndiyo maana naandika. Nyota za Courant Haiko bado ni moja, kwa kuwa uchunguzi haujaisha, na hautaisha, kwa kuwa unauza. Lakini wakubwa wa utawala huu wenye bunduki wameiona ampli. Wameiomba kwa barua yenye muhuri, kwa ajili ya sherehe zao, na Papa Télesphore amekwisha kujibu kwamba, kwa vile hakuna kikundi chenye nyota nne mjini, ampli haina kazi. Gari lao litakuja kuichukua Jumatatu. Unajua vitu vinavyopanda gari lile huishia wapi. Mwaka jana Bukavu ilifunga maduka na shule ikakaa nyumbani siku kadhaa, mji mzima kimya, bila jopo wala alama, kwa hiyo usiniambie kwamba hatuwezi kufanya kitu pamoja.

Leo ni Jumamosi. Kesho misa ya pili ikiisha usiende kwa kinyozi, usinunue gazeti, usimuulize mtu yeyote ni wa ngapi. Panda moja kwa moja kituoni, wewe na mke wako na mama mkwe wako. Mkae mbele ya mlango wa stoo, wengi mpaka Papa Télesphore ashindwe kupita na barua yake. Kama una kaseti ya Papa Bisimwa, uje nayo mkononi. Akiuliza mnataka nini, msijadiliane, wala msimpe maoni yenu juu ya muziki, mseme afungue. Asipofungua, mkae. Jua likizama, mkae. Cibalonza atakuwepo na gitaa. Njoo umsikie kwanza, halafu ukitaka kusema ni makelele, utasema ukiwa umesikia.

Weka hii karatasi chini sasa, umwambie jirani.